Chungulia TCP kwa macho yako: mawasiliano yanavyofunguliwa na kwa nini data inatumwa upya

Watu wengi wanaijua ile habari ya SYN, SYN-ACK, ACK, zile pakiti tatu ambazo TCP inafungulia mawasiliano, wameikariri kwa ajili ya mtihani au intavyuu, ukimuuliza kwa nini ziwe tatu na siyo mbili, au ACK ikipotea njiani nini kinatokea, anaanza kuangalia juu. Sasa leo hatukariri. Tunafungua madirisha manne ya komandi kwenye Linux, tunaacha kompyuta iongee na yenyewe, halafu tunaiharibia mawasiliano makusudi tuone inafanyaje. Huhitaji bando wala seva ya kulipia, kila kitu kinapita kwenye `lo`, ile njia ya ndani ya mashine yenyewe.

Kitu kimoja cha kushika kabla hatujagusa kibodi. Chini ya TCP kuna IP, na IP haikuahidi chochote. Unaipa pakiti, inajaribu kuifikisha, ikishindwa inakaa kimya. Ruta ikijaa inatupa pakiti, haikupigii simu kukuomba radhi. Pakiti zinaweza kufika zimepishana, zinaweza kufika mara mbili, zinaweza zisifike kabisa. Kwa hiyo uaminifu wote unaousikia kuhusu TCP unatengenezwa kwenye ncha mbili tu, kompyuta yako na ile ya upande wa pili, huko katikati hakuna anayekusaidia.

Hatua ya 1: tega mtego

Dirisha la kwanza ndiyo seva yetu, inasubiri kwenye poti 5000. La pili linachungulia. La tatu ndiyo mteja, ila usibonyeze enta huko mpaka la pili liwe tayari. La nne liache wazi, tutalitumia kuua pakiti.

```
nc -l 5000
sudo tcpdump -i lo -n -S -ttt port 5000
nc -v 127.0.0.1 5000
```

Kuna matoleo ya `nc` yanayotaka `nc -l -p 5000`, ikikataa ya kwanza jaribu hiyo. Ile `-S` kwenye tcpdump usiisahau, bila hiyo inakurahisishia namba zianze kwenye 1 na sisi tunazitaka zile zenyewe. Na `-ttt` inaonyesha muda uliopita toka mstari uliotangulia, tutaihitaji sana mbele.

Hatua ya 2: soma ile mistari mitatu

Ukibonyeza enta kwa mteja, kabla hujaandika neno lolote, tcpdump inatema mistari mitatu. Nimeipunguza ibaki ya maana tu, na namba zako zitakuwa tofauti na hizi:

```
48210 > 5000: Flags [S],  seq 3120004500, length 0
5000 > 48210: Flags [S.], seq 871200300, ack 3120004501, length 0
48210 > 5000: Flags [.],  ack 871200301, length 0
```

`S` ni SYN, nukta ni ACK. Mstari wa kwanza mteja anasema: baiti zangu nitazihesabu kuanzia 3120004500. Wa pili seva inafanya mambo mawili kwa mpigo, inakubali namba ya mteja kwa kusema `ack 3120004501`, yaani hiyo nimeipata nasubiri inayofuata, na hapohapo inatangaza namba yake yenyewe 871200300. Wa tatu mteja anakubali namba ya seva. Basi, mawasiliano yamefunguka.

Utaona hakuna data iliyopita, `length 0` kote, lakini namba imepanda kwa moja. Hiyo ni kwa sababu SYN yenyewe inahesabiwa kama imechukua nafasi moja kwenye mfuatano. Ingekuwa haihesabiwi, isingewezekana kuithibitisha kama inavyothibitishwa baiti ya kawaida.

Sasa kwa nini tatu? Kuna mazungumzo mawili hapa, siyo moja. Data ya kwenda ina hesabu yake na ya kurudi ina hesabu yake, na kila upande lazima utangaze namba yake ya kuanzia kisha uhakikishiwe kwamba imesikika. Kutangaza mara mbili na kuthibitisha mara mbili, jumla ujumbe 4. Ile ya pili na ya tatu zote zinatoka kwa seva wakati uleule, ndo zikaunganishwa pakiti moja, zikabaki 3. Ukijaribu kuzifanya 2, yaani seva ijibu tu na ihesabu kazi imeisha, seva inakuwa haijui kama namba yake imefika. Na kuna balaa kubwa zaidi: SYN ya zamani iliyochelewa huko mtandaoni inaweza kufika wakati mteja ameshasahau kabisa habari hiyo, na seva ingefungua mawasiliano na mtu ambaye hayupo. Kwa hatua ya tatu, mteja akipokea SYN-ACK asiyoitarajia anajibu RST, yaani sikujui, na seva inafuta.

Halafu kwa nini namba zianzie huko juu, 3120004500, badala ya sifuri? Kwanza ni ili kipande cha mawasiliano ya zamani kilichokuwa kimepotelea njiani kikifika kwenye mawasiliano mapya yenye poti zilezile, kionekane kabisa kwamba hakihusiki. Pili ni usalama. Namba ikiwa rahisi kubahatisha, mtu wa pembeni anaweza kutengeneza pakiti feki akajifanya ni wewe. Ndiyo maana siku hizi kerneli, kile kiini cha mfumo wa Linux, inaikoroga kwa siri yake.

Hapa kuna faida ya haraka kwa kazi za kila siku. Zima ile `nc` ya seva, jaribu kuunganisha: unapata "Connection refused" papo hapo, na kwenye tcpdump unaona SYN imejibiwa na `R`. Hiyo maana yake mashine ipo hai, njia ipo, ila hakuna programu inayosikiliza poti hiyo. Sasa washa seva tena lakini ziba njia kwanza kwenye dirisha la nne:

```
sudo iptables -A INPUT -i lo -p tcp --dport 5000 -j DROP
```

Unganisha. Kimya. Kwenye tcpdump SYN inajirudia, ile ile yenye namba ile ile. Kwenye kerneli za zamani unaiona baada ya sekunde 1, halafu 2, halafu 4, 8 na kuendelea, kwenye kerneli mpya toka 6.5 zile za mwanzo zinakuja kila sekunde moja ndo baadaye zinaanza kuongezeka mara mbili. Kwa vyovyote ukisubiri dakika mbili na kitu unaambiwa "Connection timed out". Kwa hiyo ukikutana na timed out usianze kuwasha upya programu ya seva, anza na fayawoli na njia. Mtu akiniambia "seva haifunguki" swali langu la kwanza ni hilo: imekukataa au imekunyamazia?

Ondoa kizuizi kwa kurudia komandi hiyo na `-D` badala ya `-A`, kisha unganisha upya.

Hatua ya 3: tuma kitu kidogo

Kwa mteja andika `habari` ubonyeze enta. Herufi 6 na ile alama ya mstari mpya, jumla baiti 7. (Nimeendelea na namba zilezile za juu ili ufuate hesabu kirahisi, kwako zitakuwa nyingine kwa sababu umeunganisha upya.)

```
48210 > 5000: Flags [P.], seq 3120004501:3120004508, length 7
5000 > 48210: Flags [.],  ack 3120004508, length 0
```

ACK haisemi "nimepata pakiti namba fulani". Inasema "nimepata kila kitu mpaka kabla ya 3120004508, nasubiri hiyo". Inahesabu baiti, na inajumlisha. Hii inasaidia sana, maana ACK moja ikipotea lakini inayofuata ikafika, ile ya pili inafunika ya kwanza, hakuna hasara. Ndiyo maana pia hakuna ACK ya kuthibitisha ACK. Ungeanza hivyo usingemaliza milele, kila uthibitisho ungehitaji wake.

Upande wa mtumaji kuna kitu hukioni kwenye skrini: ile `habari` bado ipo kwenye bafa ya kerneli mpaka ACK ifike. Programu yako imeshaandika na kusahau, kerneli bado imeshika nakala. ACK ndiyo ruhusa ya kuitupa hiyo nakala.

Hatua ya 4: ua data njiani

Sasa mawasiliano yakiwa wazi, weka tena kile kizuizi cha `--dport 5000`. Kwa mteja andika `mambo`. Seva haionyeshi kitu. Angalia tcpdump, ambayo inaiona pakiti kabla iptables haijaitupa:

```
00:00:00.000 Flags [P.], seq 3120004508:3120004514, length 6
00:00:00.205 Flags [P.], seq 3120004508:3120004514, length 6
00:00:00.208 Flags [P.], seq 3120004508:3120004514, length 6
00:00:00.416 Flags [P.], seq 3120004508:3120004514, length 6
00:00:00.832 Flags [P.], seq 3120004508:3120004514, length 6
00:00:01.664 Flags [P.], seq 3120004508:3120004514, length 6
```

Kwako mstari wa kwanza utaonyesha muda toka pakiti iliyotangulia, mimi nimeuweka sifuri, na milisekunde za mingine zitatofautiana kidogo lakini sura ni hiyohiyo. Namba ya mfuatano haibadiliki hata kidogo, ni baiti zilezile. Muda unaongezeka mara mbili kila mara. Mapengo mawili ya kwanza tu ndiyo yanakaribia kulingana, kwa sababu Linux ya sasa inatuma kwanza kipande cha kupima maji, ikikosa jibu ndipo taima halisi inaanza kuhesabu na kurefuka.

Ondoa kizuizi kwa `-D`. Usiguse kitu kingine. Subiri zamu inayofuata ya kurudia na `mambo` inajitokeza kwa seva, programu zote mbili hazijui kama kuna kitu kilitokea. Kama ulichelewa kuondoa itabidi usubiri zaidi, maana pengo limeshakua. Hii ndiyo sababu ya ile tabia unayoiona mtandao ukikatika kidogo ukarudi, taa zote zinawaka lakini ukurasa bado umeganda sekunde kadhaa: TCP inasubiri zamu yake ya kurudia, haijui kwamba njia imerudi.

Hatua ya 5: ua ACK badala ya data

Hii kwangu ndiyo tamu kuliko zote, na watu wengi hawaifikii. Safari hii acha data ipite, zuia majibu:

```
sudo iptables -A INPUT -i lo -p tcp --sport 5000 -j DROP
```

Kwa mteja andika `poa`. Seva inaionyesha hapohapo. Lakini tcpdump inaonyesha mteja anarudia 3120004514:3120004518 tena na tena, kwa mapengo yaleyale ya hatua iliyopita, na kila akirudia seva inajibu `ack 3120004518`, jibu linatupwa kabla halijamfikia.

Mjiweke kwenye nafasi ya mteja. Kwa hatua ya 4 data ilipotea. Kwa hatua ya 5 data ilifika, jibu ndilo lililopotea. Kwake yeye hali hizi mbili zinafanana kabisa, zote ni ukimya, na hakuna ujanja wowote wa kuzitofautisha kutokea pale alipo. Anaweza kuchagua kukaa, basi akikosea data haifiki kamwe. Au anarudia, na akikosea data inafika mara mbili. TCP imechagua kurudia, halafu ikahamishia tatizo la marudio kwa mpokeaji, ambaye ana zile namba. Seva ikipata 3120004514 mara ya pili inaona hiyo ilishapita, inaitupa, inajibu tena ACK. Ndiyo maana dirishani `poa` imeandikwa mara moja tu japo imefika mara sita saba.

Kwa hiyo vitu vitatu vinategemeana, huwezi kutoa kimoja. Bila ACK mtumaji hajui lini aache. Bila kurudia, ACK haina cha kurekebisha. Bila namba, kurudia kunaharibu data badala ya kuiponya.

Kuna mtu huwa anauliza kwa nini mpokeaji asiwe anasema tu pale anapokosa kitu, tuokoe hizo ACK zote. Jibu lipo kwenye jaribio la hatua ya 4: `mambo` ilikuwa ya mwisho, hakuna kilichofuata nyuma yake. Mpokeaji angejuaje kwamba amekosa kitu ambacho hakujua kama kilitumwa? Angekaa kimya, na mtumaji angedhani mambo yamekwenda vizuri.

Usisahau kuondoa na hiki kizuizi.

Hatua ya 6: asubiri muda gani kabla ya kurudia?

Ukiweka muda mfupi utarudia vitu ambavyo vilikuwa njiani vinakuja. Ukiweka mrefu, kila pakiti ikipotea mtumiaji anakodolea skrini. Na hakuna namba moja inayofaa wote, ndani ya `lo` kwenda na kurudi ni sehemu ndogo sana ya milisekunde, kupitia setelaiti ya juu kabisa ni zaidi ya nusu sekunde. Kwa hiyo TCP inapima yenyewe, kila ACK inayorudi inaipa kipimo cha safari.

Inatunza vitu viwili: wastani wa safari na kiasi ambacho safari hucheza. Muda wa kusubiri ni wastani jumlisha mchezo mara 4. Kipimo kipya kikija, kwanza mchezo unasogezwa kwa robo ya tofauti, halafu wastani unasogezwa kwa moja ya nane. Tufanye hesabu. Wastani wako ni 180 ms, mchezo 10 ms, muda wa kusubiri ni 180 + 4 × 10 = 220 ms. Mara mtandao unajaa, safari moja inachukua 260 ms:

```
mchezo  = 3/4 × 10  + 1/4 × 80  = 27.5 ms
wastani = 7/8 × 180 + 1/8 × 260 = 190 ms
kusubiri = 190 + 4 × 27.5       = 300 ms
```

Ona wastani umesogea 10 tu lakini muda wa kusubiri umeruka 80. Ndivyo inavyotakiwa, njia ikianza kuyumba unaipa nafasi zaidi usije ukarudia kwa pupa. Kwenye Linux kuna sakafu, ile sehemu ya mchezo haishuki chini ya 200 ms hata hesabu iseme nini, ndiyo maana kwenye `lo` tuliona 0.2 badala ya kitu kidogo zaidi. Kwa hiyo kwa mfano wetu Linux ingeonyesha karibu 390. Unaweza kuziona namba za mawasiliano yako yaliyo hai kwa `ss -ti`, tafuta `rto`, ndiyo muda wa kusubiri, na `rtt`, ndiyo wastani na mchezo wake.

Mtego mmoja hapa: kipande ulichokirudia kikijibiwa, jibu ni la nakala ya kwanza au ya pili? Hujui. Ukipima kwa kubahatisha unachafua wastani. Kanuni ya Karn inasema kipimo cha kipande kilichorudiwa kitupwe, isipokuwa kama pande zote zinatumia alama za muda kwenye pakiti, hapo jibu linakuja na muda wa nakala inayojibiwa.

Na kule kuongeza mara mbili siyo ustaarabu tu. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, umbali wa yadi 400 hivi, spidi ilishuka kutoka 32 kbit/s hadi 40 bit/s. Mtandao ulikuwa umejaa, mashine zikawa zinarudia kutuma, marudio yakajaza zaidi. Van Jacobson na Michael Karels ndio walioichimba wakatengeneza njia za TCP kupunguza kasi, na zile hesabu za mchezo hapo juu zinatoka kwenye kazi hiyohiyo.

Hatua ya 7: pengo katikati ya faili kubwa

Kusubiri taima ni pole mno ukiwa unashusha faili. Lakini hapo kuna msaada ambao `mambo` haikuwa nao: vipande vingine vinafuata nyuma. Tuseme vipande 5 vya baiti 1448, vinaanzia 1, 1449, 2897, 4345 na 5793. Cha pili kinapotea. Mpokeaji akipata cha kwanza anasema `ack 1449`. Akipata cha tatu hawezi kusema 4345, maana ACK inajumlisha na yeye ana tundu, kwa hiyo anarudia `ack 1449`. Cha nne, `ack 1449`. Cha tano, `ack 1449`. Mtumaji akishaona marudio matatu ya namba ileile anajua bila kusubiri taima kwamba kile cha 1449 kimepotea lakini njia bado inapitisha, anakirudia pale pale. Kikifika, tundu limezibwa na jibu linaruka moja kwa moja hadi `ack 7241`.

Kwa nini marudio matatu na siyo moja? Kwa sababu pakiti kupishana njiani ni kawaida, ukikurupuka kwa rudio la kwanza utarudia vitu ambavyo vimechelewa tu hatua moja. Siku hizi kuna SACK, ambayo mpokeaji anaorodhesha vile alivyonavyo baada ya tundu, na Linux imehamia zaidi kwenye kupima kwa muda badala ya kuhesabu marudio, ila wazo ni lilelile. Kwenye tcpdump ukiona neno `sack` lenye namba mbili kwenye mabano, hapo mpokeaji anataja alichokipata.

Ukitaka kuliona hili kwa mashine yako, weka upotevu wa bandia kisha hamisha faili kubwa kwa `nc`, ila ukimaliza usisahau kufuta kwa komandi ya pili, usije ukaanza kushangaa kwa nini kila kitu cha ndani kimekuwa kizito:

```
sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 50ms loss 2%
sudo tc qdisc del dev lo root
```

Ile 50 ms inahesabiwa kila upande, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi inakuwa 100.

Hatua ya 8: ACK inaishia wapi

Rudi kwenye `nc` zetu. Kwenye dirisha la seva bonyeza Ctrl+Z, programu inasimama, haisomi kitu. Kwa mteja andika `nimelipa`. Tcpdump inaonyesha data imekwenda na ACK imerudi bila shida yoyote. Programu ya seva imelala, imejibiwa na nani? Na kerneli. ACK ya TCP inasema baiti zimeingia kwenye bafa ya mashine ile, basi. Haisemi programu imezisoma, haisemi zimeandikwa kwenye hifadhidata. Ungezima mashine hiyo sasa hivi, `nimelipa` ingekufa na ACK yake mkononi mwa mtumaji. Andika `fg` kwa seva ndipo neno linajitokeza.

Na upande wa pili wa shilingi: TCP haipambani milele. Linux kwa mpangilio wa kawaida inarudia mara 15, kama dakika 15 hivi, kisha inavunja mawasiliano na kuiambia programu imeshindwa. Hapo programu yako inarudi kwenye swali lile la hatua ya 5, ombi halikufika au lilifika jibu likapotea? Na safari hii namba za TCP hazikusaidii, maana ukifungua mawasiliano mapya namba zinaanza upya, seva haina njia ya kujua kwamba hili ombi ndiyo lile la mwanzo. Ndiyo maana watu wa malipo wanaweka kwenye ombi lenyewe namba ya muamala inayotengenezwa na mteja mara moja, anaporudia anatuma ileile, na seva kabla ya kukata pesa inaangalia kama namba hiyo ilishaifanyia kazi, kama ndiyo inarudisha jibu la mwanzo bila kukata tena. Ukiandika programu ya namna hiyo, ijaribu kwa kizuizi cha `--sport` cha hatua ya 5, siyo cha `--dport` peke yake, kwa sababu ile ya pesa kukatwa mara mbili inajificha upande wa jibu lililopotea.